Rangi ya Bluu kwa Papa Ekofo

Vumbi likiungua juu ya chombo cha umeme hutoa harufu ya nywele na plastiki. Kila ninapoikuta, narudi Kamina, Kongo, katika sebule ya Papa Ekofo, mwanajeshi wa kambi ya base aliyekuwa na televisheni pekee ya rangi upande wetu wa mtaa wa cheminots, wafanyakazi wa reli. Leo najipatia ugali kwa kuwaeleza wanafunzi maana ya mwanga katika filamu. Nyumbani, nikisema tu “tazama kivuli kile,” wanangu hukumbuka ghafla kwamba wana kazi za shule.

Mwaka ule mama alikuwa amemzika mdogo wangu, kitoto cha siku chache. Kwetu mtoto wa namna hiyo hakuliliwa. Tantine Mujinga, dada yake baba, alimwambia mama pembeni ya kaburi, “Futa macho. Machozi yanafunga njia kwa mutoto mwenye kukuya nyuma.” Mama akafuta. Kufikia masika alikuwa anasonga ugali huku akiimba, na mtaa mzima ukasema amepona. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nilitaka mama yangu wa zamani arudi, na huyu alifanana naye sana.

Jumapili moja, baada ya misa, tulijazana kwa Papa Ekofo. Mapazia yalishushwa ili picha ionekane, na sisi watoto tukakaa sakafuni, mbele kabisa. Filamu ilikuwa ya lugha ambayo hakuna aliyeijua, jambo ambalo halikumzuia mtu kuitafsiri.

Ilikuwa karamu. Watu walizunguka meza chini ya taa za rangi ya asali, na nyuso zao ziling’aa kama maandazi yanayotoka mafutani. Mwenye nyumba, mwanamke mwembamba, aliwapakulia huku akicheka. Mwanzoni mwa filamu gauni lake lilikuwa la njano. Sasa alivaa la kijivu, kijivu kilekile cha ukuta, hata akiegemea ukutani unamtafuta. Kisha akaenda kusimama mlangoni, na picha ikabaki kwake. Mwanga wa dirisha ulimpiga upande mmoja, wa bluu, baridi. Nusu ya uso ikazama gizani. Miimo ya mlango ilimbana kushoto na kulia. Kicheko cha wenzake kilisikika, lakini wao hawakuonekana tena.

“Eh! Televizio yako imekufa rangi!” akapiga kelele Tantine Mujinga.

Papa Ekofo aliinuka na kuipiga ubavuni makofi mawili ya kijeshi. Bluu haikuondoka.

“Achana nayo, Papa Ekofo,” mama akasema kutoka nyuma, kwenye benchi la wanawake. “Haiko televizio. Njo roho yake ile.” Kwetu “njo” ni “ndiyo”: bluu ile ndiyo roho ya yule mwanamke.

“Roho gani? Si anacheka?” Papa Ekofo akauliza.

“Kinywa njo kinacheka. Macho bameyaacha mu giza. Angalia: moto wote iko kwa meza, yeye bamemupa baridi. Na ule mulango, ona vile unamufunga. Huyu amezika.”

“Weye Mama Ngoie, unajua luga yabo?” Tantine akauliza, na watu wakacheka. Akaongeza kwamba basi mama aende kuhubiri Jumapili ijayo.

Mwanamke wa filamu akapita chumba cha ndani, akafungua kabati la kijivu, akatoa sweta ndogo, ya kitoto, nyekundu. Tangu filamu ianze hatukuwa tumeona wekundu popote, wala uani, wala mezani. Sasa ulijaa kioo kizima. Kamera, iliyokuwa ikimtazama kwa mbali muda wote, ilimsogelea polepole hadi hapakubaki mlango wala ukuta, uso wake tu na ile sweta.

Hakuna aliyetafsiri.

Niligeuka kumtazama mama, kwa fahari, kwa kuwa alikuwa amewashinda wote. Alikaa mwisho wa benchi, mgongo umenyooka, mikono imefumbwa ndani ya kitenge. Pembeni yake palikuwa na nafasi. Wengine walikuwa wamesogea katikati ili waone vizuri. Alinitabasamia. Uso wake ulikuwa wa bluu, upande mmoja tu, na shavuni kitu kilimeremeta.

Nilijiambia ni mwanga wa televisheni, nikageukia filamu.

Nilikuwa nimeshasoma vitabu vingi vya mambo haya, na mama ameshalala kaburini kando ya kile kitoto chake, nilipoelewa kwamba siku ile hakuwa akitufafanulia filamu. Alikuwa akitueleza alipo. Nasi, nyumba nzima ya watu waliompenda, tulikuwa tumempa mgongo.