Mashine ya Fensi Iliyobaki Bokoli

Dukani kwangu Kitale nauza nyaya, vigingi na mashine za fensi ya stima, na watu hunitumia picha kutwa nzima. Nyingi ni giza tupu na kidole gumba. Mimi si mtu wa subira, huwajibu, "Piga tena, na safari hii toa simu mfukoni kwanza." Lakini picha ya senge, dada ya baba yangu anayeishi Bokoli, sikuthubutu kuijibu hivyo.

Ilionyesha sanduku la plastiki lililopauka, limetundikwa ukutani ndani ya stoo. Mumewe alilinunua likiwa limetumika, kwenye shamba moja la Endebess lililokuwa likiuza vifaa vyake, akafariki kabla ya kulifunga. Senge alimwita fundi wa stima za nyumba, akazungusha waya kwenye malisho, akawasha. Ng'ombe wakaupita kama kamba ya kuanikia nguo, wakaenda kula sukuma wiki ya jirani kando ya mto, maana kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu kingine. Jirani alishachoka kuvumilia. Binamu yangu, mtoto wa senge, alishapata mnunuzi wa kuja Jumamosi kuwachukua ng'ombe wote.

"Angaria vizuri, mwanangu," senge aliniambia kwa simu. "Hii kitu ni ya ng'ombe ama ni ya ukuta ya matajiri? Kama si ya ng'ombe, basi waende. Lakini nitakuwa naamkia nini hapa?"

Nilimwomba picha ya kibandiko chenye maelezo ya mashine. Akanitumia ya ndama. Nikaomba tena, akanitumia yake mwenyewe akiwa amesimama kando ya sanduku, amejifunga kitambaa kizuri. Ya tatu ndiyo ikaja na maandishi.

Mashine ya ukuta huwa na mahali waya unapotokea na mahali unaporudia, na pa kufungia king'ora. Hii ilikuwa na vifungio viwili tu: kimoja chenye alama ya radi, kingine chenye alama ya ardhi, vile vistari vinavyozidi kuwa vifupi. Kibandiko kilisema ni ya fensi ya mifugo, ya kuchomekwa kwenye stima ya nyumba, na nguvu yake ilitosha malisho yake na kuzidi. Nilimuuliza kama inalia. "Inalia tik, inanyamaza, inalia tik," akasema. Ndivyo inavyotakiwa: inapiga mara moja kwa kitambo kifupi mno, kisha inapumzika, ili mnyama ashtuke na aweze kuondoka.

"Basi ni ya ng'ombe, senge."

"Ati ya ng'ombe? Na mbona haiwaumi?"

Nikaikuza picha ya pili, ile ya kitambaa. Kutoka kwenye kifungio cha ardhi waya ulishuka hadi kwenye msumari wa kawaida, uliopigwa kwenye vumbi kavu karibu na mlango. Nikacheka, kisha nikaona aibu kucheka. Stima ikitoka kwenye waya hupita mwilini mwa ng'ombe, ikashuka kwa kwato, na lazima irudi kwenye mashine kwa kupitia udongo. Pale, kwenye msumari mfupi na vumbi kavu, njia ya kurudi haikuwepo.

Ijumaa nilifunga duka, nikaenda Bokoli na fito tatu za chuma zisizoshika kutu, kila moja inayonipita urefu. Tulichomoa mashine, tukazipigilia nyuma ya jikoni, mbali na fito ya ardhi ya stima ya nyumba, pale senge anapomwaga maji ya vyombo na udongo haukauki. Tukaacha nafasi kati yake, tukaziunganisha na kifungio cha ardhi, tukawasha.

Mtamba mmoja, mwizi mkubwa kuliko wote, alikuja moja kwa moja na kuunusa waya. Aliruka nyuma kwa miguu yote minne. Akasimama, akautazama uzi ule mwembamba, na wenzake wakasimama nyuma yake. Hakuna aliyevuka. Nimeuza mashine hizi miaka mingi, na siku hiyo nami nilisimama nikatazama kama wao. Binamu yangu alitazama hadi jua likapinda, kisha akasogea kando akampigia mnunuzi asije.

Senge hakushangilia. Aliniuliza polepole, "Umesema inarudi kwa udongo? Kutoka huko kwa ng'ombe mpaka hapa jikoni?"

"Ndiyo, senge. Chini kwa chini."

Aliangalia malisho, akaangalia fito, kisha macho yakatua katikati, kwenye kaburi la mumewe, ambalo bado halijawekwa saruji. Alivua viatu, akaenda akasimama kando yake.

"Kumbe wewe ndiye unawarudisha," akamwambia.

Nilijua majibu yote ya kitaalamu. Lakini nami nikavua viatu.