Jambo Dogo Nililomwomba Mwalimu

Mama hajui kuandika barua pepe, lakini barua yangu ya kwanza kwa mhadhiri wangu ni kama aliiandika yeye. Nilikuwa nimekaa kibarazani kwetu Idsowe, simu mkononi, naye anamenya ndizi mbichi za mchana. Nikamwambia namwandikia mwalimu wangu wa chuo kikuu, nataka anishuhudie ili nipate kazi.

"Umeanza na nini?" akauliza.

"Na ombi."

Akaweka kisu chini. "Mwanangu, utaingia uani kwa watu useme nipe? Hata hujauliza wameamkaje?"

Kwa mama, mtu asiyesalimu vizuri hana tofauti na mwizi, ila mwizi anaharakisha zaidi. Nikafuta nilichoandika, nikaanza upya.

Kazi yenyewe niliitaka kwa moyo wote, na sioni haya kusema hivyo. Shirika moja la Nairobi lilikuwa linatafuta mtaalamu wa sayansi ya data wa kutabiri mafuriko na ukame kwenye mabonde ya mito, wetu ukiwemo. Nilisoma tangazo lile nikacheka peke yangu. Nimezaliwa kando ya mto Tana. Nimebebwa mgongoni tukikimbia maji, na shahada yangu ni ya hesabu za takwimu. Kama si mimi, ni nani?

Ila shirika lilitaka warejelewa wawili, yaani watu wa kukushuhudia, na mmoja lazima awe mhadhiri aliyesimamia utafiti wako. Ukishajaza anwani yake kwenye tovuti yao, mtambo unamtumia kiungo, naye anapandisha barua yake huko mwenyewe, bila wewe kuiona. Barua zote mbili zisipofika kabla ya tarehe ya mwisho, ombi lako halisomwi kabisa. Wa kwanza, bosi wangu wa zamani katika ofisi ya kaunti nilikofanyia mazoezi ya kazi, alipeleka yake mara moja. Alibaki mhadhiri, na mhadhiri aliyenisimamia alikuwa mmoja tu. Kwake sikuwa na mbadala.

Na huyo ndiye niliyemwambia amekosea mbele ya darasa zima.

Ilikuwa mwaka wa mwisho. Kila mwanafunzi alikuwa akionyesha data zake, na zangu zilikuwa vipimo vya kina cha mto. Kulikuwa na nafasi nyingi tupu, siku ambazo hakuna kilichoandikwa. Mhadhiri akasema nizijaze kwa wastani wa siku nyingine, jambo la kawaida, vitabu vinaruhusu. Mimi nikasimama. Kwa kuwa nililelewa na mama yangu, sikuweza kumpinga mtu mzima bila kumsalimu. Nikasema, "Shikamoo Mwalimu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akasema, "Endelea."

Nikaendelea. Nikasema, Mwalimu, hapo umekosea. Anayesoma kipimo cha mto anatembea kwa miguu hadi ukingoni. Mto ukifurika, njia inazama, hafiki, haandiki. Kwa hiyo siku tupu nyingi ndizo siku ambazo maji yako juu kabisa. Tukizijaza kwa wastani tunaifundisha mashine kwamba mto umetulia wakati watu wako juu ya mapaa.

Hakunijibu. Akakaa kimya mpaka kipindi kikaisha, akakusanya karatasi zake, akaondoka. Baadaye aliniruhusu nifanye nilivyotaka. Sikuzijaza zile siku kwa wastani. Niliongeza safu ya kuionyesha modeli kwamba siku fulani haikupimwa, na ikawa inatambua mafuriko vizuri kuliko mwanzo. Akanipa alama nzuri. Lakini kimya kile kilinikaa kichwani, na tangu siku hiyo nilijua kwamba nilikuwa sahihi na kwamba nilimuudhi, yote mawili kwa pamoja.

Basi barua ile ya kwanza niliipamba. Nikamwulizia hali yake, hali ya nyumbani, mama watoto, watoto, kazi, mvua za huko kwao. Nikampa habari za kwetu, kwamba maji yameshuka na watu wamepanda mpunga. Mwisho kabisa, baada ya mama kuridhika, nikaandika kwamba nina jambo dogo tu, si lazima, akipata nafasi, la kunishuhudia kwa kazi fulani. Kwetu ombi hupunguzwa hivyo. Hata mtu anayekuja kuomba shamba atasema amepita tu.

Alijibu kesho yake. Nilifungua nikiwa ndani ya saiba, duka la intaneti, pale Garsen, mahali ninapochapia kazi zangu kwa sababu mtandao wa Idsowe unakuja ukipenda. Aliandika kwamba amefurahi sana kunisikia. Mama watoto sasa hajambo kabisa, asante kwa kuuliza tena. Mvua kwao imechelewa. Kuhusu lile jambo dogo, akipata nafasi ataliangalia. Niwasalimie nyumbani.

Basi. Hakuuliza ni kazi gani wala mwisho wake ni lini.

Nikangoja. Kila nilipoingia kwenye tovuti, mbele ya jina la bosi wa kaunti paliandikwa kwamba barua imepokelewa, na mbele ya jina la mhadhiri kwamba bado inasubiriwa. Tarehe ya mwisho ikawa inakaribia. Siku moja hasira zikanipanda, nikapiga meza ya watu ngumi.

Mwenye saiba, dada mmoja ambaye kazi yake ni kujazia Garsen nzima fomu za serikali, akageuka. "Sista, hiyo meza imekukosea nini?"

"Huyu mwalimu ananilipizia," nikasema. "Nilimpinga darasani. Sasa ananikalia kimya."

"Hebu nione ulimwambia nini."

Nikamwonyesha. Akasoma akisukuma skrini juu, akasukuma, akasukuma tena. Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyeona fomu mbaya nyingi maishani.

"Salamu nimeona. Mpunga nimeona. Ombi liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kule chini.

"Hapa umesema ni jambo dogo. Umesema si lazima. Huyo mtu ana mitihani ya kusahihisha, ana wanafunzi wengi wanamsumbua, na wewe mwenyewe umemwambia lako ni dogo, linaweza kungoja. Sasa anakulipizia nini? Si amekutii?"

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Darasani nilimwambia mtu yule amekosea bila kupepesa macho, kumbe siku ninayohitaji kitu chake ndio naanza kujikunyata mlangoni.

Nikavuta kiti, nikaandika barua ya pili palepale, na hii sikumsomea mama. Nilimsalimu kwa sentensi moja. Kisha nikaandika:

"Mwalimu, nilikuambia ni jambo dogo. Si dogo. Ni kazi ninayoitaka kuliko zote nilizowahi kuomba, na barua yako isipofika kwa wakati ombi langu halitasomwa. Nakuomba uandike kama msimamizi wa utafiti wangu. Wanatafuta mtu anayejua kusafisha data, kujenga modeli za utabiri na kueleza matokeo kwa watu wasio wataalamu. Uliniona nikifanya yote matatu kwenye utafiti wa vipimo vya mto. Nimeambatisha tangazo la kazi, wasifu wangu na ile ripoti, ili usilazimike kukumbuka. Kiungo kilitoka kwenye shirika lenyewe, huenda kimeingia kwenye barua taka. Kama unaona huwezi kuniandikia barua nzuri kwa moyo mweupe, tafadhali niambie leo, sitakasirika."

Mwenye saiba akasoma. "Hapo pa mwisho ni uongo. Utakasirika."

"Nitakasirika," nikasema, "lakini nitajua."

Nikaongeza tarehe ya mwisho juu kabisa, mahali pa mada, asiweze kuikosa. Nikatuma.

Jibu lilikuja kabla sijamaliza chai. "Sasa nimekuelewa. Kiungo nimekipata, kilikuwa kwenye taka kama ulivyosema. Nitaandika kwa moyo mweupe. Ila yale uliyonifanyia darasani siku ile nitayatia ndani. Wanaokuajiri lazima wayajue."

Mwenye saiba akaniangalia. Nami nikamwangalia. Nilisema ayatie tu, nilikuwa sahihi wakati ule na niko sahihi leo, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kesho yake tovuti ikaonyesha kwamba barua imepokelewa.

Waliniita kwenye usaili wa video. Nilikaa saiba, mlango umefungwa, yule dada akiwazuia wateja nje kwa maneno makali. Maswali ya modeli niliyajibu vizuri. Kwa hayo sikuwa na hofu. Halafu mwanamke aliyekuwa akiongoza akavua miwani.

"Mhadhiri wako ametuandikia kwamba ulimpinga mbele ya wenzako. Tueleze."

Nikaeleza. Kipimo, ukingo, njia inayozama, siku tupu. Sikuomba radhi. Nikamaliza kwa kusema kwamba mwalimu wangu alikuwa na haki ya kukasirika, lakini mto haukuwa upande wake.

Yule mwanamke akatabasamu. "Hakukasirika. Ametupa ruhusa tukusomee hapa." Akavaa miwani tena, akasoma polepole: "Nilikosea, naye aliniambia. Wapo wanafunzi wengine ambao wangeweza kuniambia. Lakini yeye kwanza alinisalimu, akaniuliza kama nyumbani hawajambo. Asubuhi ile nilikuwa nimemwacha mke wangu hospitalini, na sikujua kama nitamkuta. Siku nzima, ni yeye peke yake aliyeniuliza. Mtu wa namna hii akiwaambia mmekosea, msikilizeni."

Nilishukuru tu kwamba kamera ya saiba ile haionyeshi machozi.

Kazi nilipata. Siku ya kupata habari nilikwenda moja kwa moja mpaka shambani, nikamkuta mama ameinama kwenye mpunga, nikamwambia yote tangu mwanzo: barua ya pili niliyomficha, usaili, mke wa mwalimu, kazi. Akainuka, akajifuta tope mikononi kwa kanga.

"Na huyo mke," akasema, "sasa anaendeleaje?"

Nikamwambia hajambo kabisa, mwalimu aliniandikia, wakati ule sikuelewa. Mama akatikisa kichwa, akasema basi nimwandikie tena. Jioni nilimwandikia barua ya tatu, nikamwulizia hali yake, hali ya nyumbani, mama watoto, na kama mvua imewafikia. Niliisoma mara mbili kabla ya kuituma, kuhakikisha sijaomba kitu.