Mistari Michache Kuhusu Mimi

Dada yangu aliisoma barua yangu ya kuomba kazi akiwa amesimama, mkono mmoja kiunoni, leso imemkaza tumboni kwa sababu ya mimba. Alikuwa amesoma misheni na Kiingereza kilimtosha. Alipofika katikati alimwita mumewe.

"Mzee, njoo uone. Kumbe nyuma ya pazia letu tunalaza mtu mkubwa."

Hilo pazia lilikuwa kweli. Wao walikuwa na chumba kimoja na jikoni padogo katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, na mimi niliwafikia pale baada ya kiwanda cha mbao cha Elburgon kupunguza watu. Walinigawia pembe moja, wakatundika shuka katikati. Kila mtu alijua kwamba mtoto akizaliwa pembe ile itahitajika, ingawa hakuna aliyenitamkia. Kwa hiyo kampuni moja iliyouza trekta na plau kwa wakulima ilipotangaza kazi ya karani wa stoo, pamoja na chumba cha kukaa, niliona ile nafasi kama yangu. Tangazo liliagiza mwombaji aanze barua kwa mistari michache ya kujieleza.

Nilijieleza. Barua ilikuwa ya Kiingereza, lakini maana yake ilikuwa hii: "Mimi ni karani hodari asiye na mpinzani katika mkoa huu. Nimesimamia stoo nzima ya kiwanda kikubwa cha mbao. Nina ujuzi mkubwa wa stoo za kila aina. Uaminifu wangu unajulikana kote."

Shemeji alikuwa karani katika ofisi ya mizigo, na barua za waombaji zilipita mezani kwake kabla ya kufika kwa mkubwa wake. Alikaa kwenye sanduku, akachukua penseli.

"Asiye na mpinzani," alisema. "Ulishindana na nani?"

"Shemeji, ni namna ya kusema tu."

"Naelewa. Na huyo atakayesoma anaelewa pia. Ana barua thelathini za watu wasio na wapinzani." Penseli ikashuka mstari mmoja. "Unajulikana kote. Kote ni wapi? Mimi ni mume wa dada yako na nilikujua juzi."

Dada alicheka mpaka akashika ukuta. "Hata duka la pale mbele hawakujui. Wananiuliza yule kijana wa miguu mirefu ni nani."

Nilinuna. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari, hatua ambayo wao wawili hawakuifikia, na nilidhani wanaonea wivu Kiingereza changu. Nilichukua karatasi nyingine, nikaenda kuandika nje kwenye ngazi. Nikarudi na maneno haya: "Mimi ni kijana mdogo nisiyejua mengi. Ninawaomba kwa unyenyekevu mnionee huruma, ingawa sistahili."

Dada alisoma, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Sasa umekaa mlangoni pa kanisa na kopo."

"Yule wa kwanza angenifukuza kazini akae yeye kwenye kiti changu," alisema shemeji. "Huyu wa pili simpi hata ufagio. Hebu kaa. Mwambie msomaji alichotaka kujua. Kule Elburgon ulikuwa ukifanya nini ukifika asubuhi?"

Nilimweleza kwamba nilipokea misumari, mafuta na misumeno, nikahesabu, nikaandika kwenye kadi ya kila kitu. Fundi akitaka kitu aliweka sahihi, nami nikapunguza kwenye kadi.

"Na kusimamia stoo nzima?"

Nikakohoa. Stoo ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa mweka stoo tangu kiwanda kianze. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Alipokwenda kula, au alipoitwa ofisini, aliniachia funguo.

"Ah," alisema dada. "Kumbe ulisimamia wakati wa ugali."

Shemeji hakucheka. "Alikuachia funguo kwa muda gani? Siku moja, mbili?"

"Miaka miwili yote."

"Basi andika hivyo. Neno mwaminifu kila mtu analiandika, hata mwizi. Mzee mwenye stoo yake hamwachii mtu funguo miaka miwili kwa sababu ya miguu mirefu. Acha msomaji aseme mwenyewe kwamba wewe ni mwaminifu."

Akaniuliza kama nilivijua vipuri vya trekta. Sikuvijua. Akasema niseme, kwa sababu wangegundua siku ya kwanza, na niseme papo hapo kile ninachokijua kinachofanana navyo. Mwishowe tukapata hii: "Nilikuwa msaidizi wa mweka stoo katika kiwanda cha mbao, Elburgon, kwa miaka miwili. Nilipokea na kutoa vifaa na kuandika kadi zake. Mweka stoo alipotoka, funguo zilibaki kwangu. Vipuri vya trekta bado sijavizoea, lakini kazi ya kadi naifahamu. Mweka stoo huyo anaweza kuulizwa habari zangu."

Niliiona fupi na baridi. Nikasema haina utamu.

"Si chai," alisema dada.

Shemeji aliikunja. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo mzee akipigiwa simu, kuna kitu atasema ambacho hatukukiandika?"

Nikajibu hakuna.

Kilikuwepo. Jioni moja nilifunga stoo haraka ili niwahi mpira, na mzee alikuwa ndani, nyuma ya marobota ya magunia. Alilala humo. Asubuhi nilipofungua alitoka bila kunisalimu, akaenda kunywa chai, na baadaye akaniachia funguo kama kawaida. Lakini dada alikuwa amemaliza kunicheka, na shemeji ameanza kunikubali kidogo. Nisingeweza kulisema hilo mbele ya dada, ningelisikia mpaka leo.

Niliitwa kwa mahojiano. Meneja, Mzungu mwenye masharubu ya rangi ya tumbaku, aliisoma ile aya mara mbili, akaniambia ndiyo iliyomfanya apige simu Elburgon.

"Anasema funguo ulikuwa nazo kweli," alisema. "Anasema pia ulimfungia ndani."

"Ndiyo, bwana. Sikuangalia nyuma ya magunia. Baada ya hapo niliita kwanza kabla ya kufunga."

"Mbona hukuandika?"

 Meneja aliikunja barua. Akasema kazi nitapata, lakini kwa majaribio, na watu wa majaribio hawapewi chumba. Ningemwambia mwenyewe mapema, alisema, tungezungumza tofauti.

Nyumbani niliwaeleza yote. Dada alikuwa na la kusema kuhusu yule mzee na magunia, na alilisema kwa muda mrefu, na majirani waliitwa kusikiliza. Shemeji alitabasamu tu. Kisha akashusha lile shuka, akapima jikoni kwa hatua, akasogeza jiko la makaa karibu na mlango ili nipate pa kulala.

Mtoto alizaliwa nikiwa bado jikoni. Majaribio yalikuwa hayajaisha. Usiku dada aliamka kumchemshia maji, akanivuka miguu gizani akijaribu asinikanyage, na mara nyingi alinikanyaga, na kila mara ndiye aliyeomba radhi.