Fundi wa Mitumbwi Tu

Jumatatu, saa kumi alasiri, baba alirudi kijijini kwetu Salale. Nilikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Nilifurahi hadi alipotamka kwamba kesho anakwenda upande wa Kilwa, ameitwa kuchonga mtumbwi.

Mjomba, anayelima mpunga, kukata boriti za mikoko na kuvua kamba, akamchokoza baba: "Shemeji, hiyo tezo yako ya kuchongea mitumbwi haijui hata kupalilia?"

"Boriti zako za juzi, shemeji, uliziuza kwa bei yako au ya tajiri anayezinunua?" baba akamrudishia.

Mjomba akacheka. "Ya tajiri. Wakataji tumejaa pwani nzima. Ukikataa, anamgeukia mwenzio."

"Basi mimi wakinikataa, hakuna fundi mwingine wa kumgeukia. Bei nataja mwenyewe."

"Na wasipokuita, baba watoto?" mama akauliza. "Masika yaliyopita tulikula mpunga wa nani?"

Baba akainama. Mpunga ulikuwa wa mjomba. "Mtumbwi hauozi upesi," akasema taratibu. "Hapa kila mtu nimeshamchongea. Lazima niwafuate wasio nao."

Nilitamani kumwambia akate boriti kama wenziwe, apunjwe kama wenziwe, lakini jioni arudi. Ila mazungumzo ya wakubwa mtoto hayaingilii.

Asubuhi yake nilimbebea tezo mpaka ukingoni mwa mto. Alipoingia mtumbwini nilimpa mpini, nikaendelea kuushika upande wangu. Hakuuvuta. "Baba," nikamwambia, "mwakani lima na sisi, japo jaruba moja la mpunga."