Ijumaa ya Mteja wa Mbali

Binti yangu alipomaliza chuo kikuu alirudi nyumbani Mosocho na shahada ya biashara. Alipeleka barua za kuomba kazi Kisii na Nyamira mpaka viatu vikaisha. Jirani akanitania kwamba nimemsomesha binti miaka yote hiyo ili aje alinde kuku.

Kisha akaweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, akaanza kuomba kazi ndogondogo za watu wa ng'ambo kupitia tovuti moja. Majuma mengi yalipita bila jibu. Hatimaye mwenye duka la samani huko Marekani akampa kazi ya kuandika maelezo ya viti na meza zake.

Nilivuta kiti nikauliza: mtu huyu amekujuaje? Akasema mteja hamjui, anaona tu sampuli za kazi, na nyota ambazo mfanyakazi amepewa na wateja waliotangulia. Binti yangu hakuwa na nyota hata moja. Huyu wa kwanza ndiye angewafanya wengine wamwamini au wampite.

Kazi aliituma Ijumaa asubuhi. Saa kumi na moja jioni mteja akaandika: anataka marekebisho kabla hajafunga ofisi siku hiyo. Yalikuwa marekebisho ya saa nne nzima, na kwetu Sabato huanza jua likizama.

"Kwake ni saa ngapi sasa?" nikauliza.

"Saa nne asubuhi, Tata."

Ndivyo tunavyomwita baba. Nikachungulia dirishani. Jua letu lilikuwa linashuka, na huko jua hilohilo ndiyo kwanza linapanda. Nimefundisha habari za Sabato miaka mingi kanisani, lakini sikuwahi kuliwaza jambo hilo.

"Ukisema nisifanye, sitafanya," akasema.

"Dhamiri ni yako, mama. Ila niambie, Jumamosi huyo mtu atayasoma?"

Akafikiri. "Hapana. Atafungua ofisi Jumatatu."

"Na Jumapili yako asubuhi, kwake ni lini?"

"Jumamosi usiku." Akacheka, akaanza kuandika. Alimweleza mteja kwa heshima kuhusu Sabato yake, akaahidi kutuma Jumapili asubuhi. Kisha akazima kompyuta na simu bila kungoja jibu.

Kesho yake kanisani aliimba vizuri kuliko mimi. Mimi nilimwomba Mungu anisamehe, maana akili yangu ilikuwa Marekani.

Jua lilipozama aliwasha simu. Mteja alikuwa amekubali, lakini aliuliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo.

"Hapo ana haki," nikasema.

"Najua, Tata."

Alifanya marekebisho usiku huo, akayatuma Jumapili asubuhi kama alivyoahidi. Alipewa nyota nne kati ya tano, na neno kwamba kazi ni safi ila siku za mapumziko zitajwe mapema. Siku hiyohiyo akaandika kwenye ukurasa wake kwamba hafanyi kazi tangu Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni, saa za Kenya. Mteja wa pili alikuja akiwa ameshalisoma hilo, akapanga kazi yake iishe Alhamisi.

Nashukuru. Na kila Ijumaa anapofunga kompyuta, bado namuuliza kwa wateja wake ni saa ngapi.