Dozi Arobaini za Nyangate

Kwa miezi sita Nyangate, mtunza stoo wa zahanati moja kule Nyaramba, alijivunia arobaini yake. Kila Jumatano kabla ya saa sita alituma bohari ya Kisii idadi ya dozi za malaria za wiki ijayo, na kila Jumatano idadi ilikuwa arobaini au karibu na hapo. Hakuwa anabahatisha. Alichukua kadirio la wiki iliyopita, akalisogeza kidogo kuelekea kile kilichotumika kweli: sehemu moja ya kumi ya kosa, basi. Hiyo moja ya kumi hakuiokota barabarani. Alikuwa amezijaribu wiki ishirini za daftari kwa moja ya kumi, kwa mbili, hadi tisa; kila mara akapima kosa la kila wiki, akalizidisha lenyewe kwa lenyewe, akajumlisha. Moja ya kumi ndiyo iliyokosea kidogo kuliko zote.

Tena wiki nne za mwisho zilikuwa nzuri mno. Arobaini ziliombwa, arobaini zikatoka. Kosa sifuri! Abner, muuguzi mkuu, alizibandika hesabu hizo ukutani.

Ila Jumatano hii Nyangate alipokuja kazini alikuta foleni imefika getini, maji ya mvua za mwezi mzima yamejaa kwenye mitaro, na dirisha la dawa limefungwa. Dozi zilikuwa zimeisha tangu jana. Mong'ina, mfagizi, alikuwa anaandika majina kwenye daftari la shule.

"Unaandika nini, mama?"

"Wenye wamekosa. Dawa ikikuja, nawaita kwa mstari, mtu asiruke mwingine. Akichukua, nakata jina yake."

"Umeanza lini?"

"Wiki ya nne sasa."

Nyangate alihesabu majina kwa kidole. Zile arobaini hazikuwa haja ya watu; zilikuwa tu kile alicholeta yeye mwenyewe. Kadirio lilikuwa likijipima na kivuli chake, na yeye akipiga makofi. Alikasirika, kwanza na Abner, kisha na nafsi yake, na hiyo ya pili ndiyo iliyouma zaidi.

Saa nne na nusu. Aliketi na madaftari yote mawili, lake na la Mong'ina. Kila wiki alijumlisha waliopewa na waliokosa, akatoa waliorudi ili mtu asihesabiwe mara mbili. Ikatokea arobaini na nne, hamsini na mbili, sitini na moja, sabini. Akarudia majaribio yote tangu mwanzo, wiki ishirini na nne sasa. Moja ya kumi ilishindwa vibaya: ilikuwa inasema wiki ijayo arobaini na sita. Safari hii tisa ya kumi ilikuwa na kosa dogo kuliko zote, nayo ilisema sitini na tisa. Hata hivyo makosa yake ya karibuni yote yalikuwa upande mmoja, pungufu kwa kumi hivi, kwa sababu haja ilikuwa bado inapanda na kadirio linaifuata nyuma. Akaongeza kumi. Sabini na tisa.

Saa tano na dakika arobaini aliingia kwa Abner.

"Sabini na tisa? Nyangate, wiki jana kosa lilikuwa sifuri. Bohari watasema tunaficha dawa. Mimi siwezi weka sahihi."

"Bwana Abner, ile sifuri ndiyo uongo. Soma hii."

Abner alilifungua daftari la Mong'ina kwa haraka ya mtu anayetaka kumaliza maneno. Ukurasa wa pili kidole chake kilisimama. Kemuma Nyacheki. Dada yake, aliyekuwa anakaa kwake mwezi huu. Hakuwa amemwambia Abner kitu, labda aliona haya kuonekana anapendelewa. Jina halikuwa limekatwa.

"Alikuja hapa?" Abner aliuliza.

"Alikuja. Tukamwambia arudi."

Abner alitia sahihi. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Dawa zilifika Ijumaa. Mong'ina aliita majina kwa mstari, wengi wa zamani wakiwa wameshanunua dawa madukani, na kufikia Alhamisi iliyofuata zilikuwa zimetoka sabini na sita. Tatu zilibaki. Nyangate alizitazama tatu hizo kwa furaha ya ajabu: kwa mara ya kwanza katika mwezi alijua haja ya watu imeishia wapi.

Akachukua kalamu, akaandika: waliopewa sabini na sita. Waliokosa, sifuri. Kisha akasita. Abner alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dawa zilipofika Kemuma alikuwa hawezi tena kumeza. Tumemlaza hospitali ya Kisii tangu Jumapili," alisema. "Hajaongea bado."

Nyangate alifuta ile sifuri, akaandika moja.