Shilingi au Rupia

Ukimsikia Fosia akigombana na madereva pale kwenye duka lake la vipuri, utadhani ni mtu wa kelele tu. Lakini jirani yangu huyo hana mchezo na pesa ya watu. Ndiyo maana ukoo wao ulipochanga ili mama yake akapasuliwe moyo India, pesa ziliwekwa kwenye akaunti ya pamoja, yake na ya kaka yake Shuriye. Shuriye alisafiri na kadi, Fosia akabaki Isiolo na simu inayopokea meseji za benki.

Mzee Duale, msimamizi wa mchango, alikuwa na sharti moja: kila risiti isomeke kwa shilingi. Wazee wa ukoo watajuaje rupia? Kwa hivyo mashine ya kadi ya hospitali ilipomuuliza Shuriye siku ya kwanza, rupia au shilingi za Kenya, alichagua shilingi.

Asubuhi ya kulipia upasuaji, Fosia aliniita dukani. Mzee Duale alikuwa ameketi hapo, fimbo magotini.

"Karimi, hebu angalia na wewe," Fosia akaniambia, akinisogezea simu yenye meseji za benki na picha za risiti alizotuma Shuriye.

Dawa zililipwa kwa rupia, kwa sababu duka la dawa halikuuliza. Benki ilibadilisha kwa bei yake na kukata ada ya asilimia tatu. Kila rupia ilitugharimu shilingi moja na senti hamsini na tano hivi, ada ikiwa ndani. Kwenye risiti ya shilingi, ile ya siku ya kwanza, mashine ilikuwa imebadilisha yenyewe, kila rupia shilingi moja na senti sitini na mbili. Nikapiga hesabu ya bili iliyobaki, laki tatu za rupia. Kwa bei ya mashine, pesa za kadi hazingetosha. Kwa rupia zingetosha, kwa shida.

Simu ikalia, Fosia akaiweka mezani kwa spika. "Dada, nimebonyeza shilingi, imekataa," Shuriye akasema. "Wanasema tusipolipa sasa, nafasi ya Mama anapewa mwingine."

"Ikikataa hawajakata kitu. Rudia, uchague rupia," nikamwambia.

"Hapana," mzee akasema. "Risiti ya rupia siipokei. Watu watasema mmekula."

Nilitaka kumnyang'anya mzee huyo fimbo, wallahi, na mimi ni Mkristo.

"Adeer, ami yangu, nakuheshimu," Fosia akasema. "Waseme nimekula. Shuriye, rupia."

Sote watatu tuliangalia ile simu mezani. Kisha meseji ikaingia: imelipwa, na salio dogo limebaki. Shuriye naye akasema, akilia, kwamba wameanza kumsukuma Mama kuelekea chumba cha upasuaji.

Mzee Duale alikohoa. "Sasa hiyo risiti nani atawasomea wazee?"

"Mama," Fosia akasema. "Akirudi."